Nambari ya Mfano

Jumatano soko lilipovunjika, watu wakiwa bado njiani na vikapu vitupu vichwani, taa ya marehemu Yunia iliwaka tena.

Dorsila aliiona kutoka jikoni. Alikuwa anasonga ugali, mkono ukasimama na mwiko ndani ya sufuria. Nyumba ya mama mkwe wake ilikuwa ng'ambo ya ua, mlango umepigwa kufuli tangu matanga yalipokwisha. Nyumba ya marehemu haivunjwi, huachwa ianguke yenyewe kwa wakati wake, na hii ya Yunia ilikuwa bado imara, ukuta wake wa udongo bado una alama za vidole vya mwenyewe. Hakuna aliyeingia humo. Hakuna aliyelala humo. Lakini chini ya ukingo wa paa mwanga mweupe ulikuwa umemwagika hadi kwenye jiwe ambalo Yunia alikuwa akikalia kunawa miguu.

Iliwaka siku za soko. Iliwaka Jumatano, ikaendelea Alhamisi na pengine Ijumaa, halafu ua ukarudi gizani mpaka soko lingine. Kijiji kizima kilijua maana yake. Yunia alikuwa muuza vyungu. Kila Jumatano ya maisha yake alirudi saa hizo hizo, akaketi juu ya jiwe lile, akanawa miguu.

"Nyar Ugenya!" Sauti ya shemeji yake, Ougo, ikimwita binti wa Ugenya kwa Kijaluo, ilitoka kwenye boma la minyaa. Alikuwa amesimama nje, hataki kukanyaga ule mwanga. "Umeona?"

"Nimeona, shemeji."

"Na unapika tu."

"Nikiacha ugali uungue, taa itazimika?"

Ougo hakucheka. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la kinyozi aliyefanikiwa, na tangu mama yake afe alikuwa amepunguza maneno. "Sikiliza. Wewe ndiye uliyemuuzia mama hicho kitu. Usiku wa tatu wa matanga, mama akiwa ndani ya sanduku, waombolezaji wamejaa ua, kikazimika. Ulimweka mama gizani mbele ya watu. Sasa anajiwashia."

Ni kweli ilizimika. Katika purukushani za msiba hakuna aliyekumbuka kulipia, na Dorsila, wakala mwenyewe wa kampuni ya taa za jua za kulipia kidogo kidogo, alikuwa na unga wa kutafuta na wageni wa kulaza.

"Nimeongea na wazee," Ougo akasema. "Jumatano ijayo ikiwaka, utarudi kwenu Ugenya ukae huko mpaka ukoo ujue la kufanya. Oloo nimempigia simu. Hakukataa."

Oloo, mumewe, alikuwa dereva wa lori, wakati huo yuko mpakani Malaba akisubiri kuvuka. Dorsila alimpigia jioni ile. Mume akavuta pumzi ndefu, akasema, "Si ni kwa muda tu, mama." Wanaojua mambo ya ndoa wanajua mwanamke akirudishwa kwa muda, nyasi huota haraka kwenye njia yake.

Asubuhi alikwenda dukani kwake kama kawaida. Duka lenyewe lilikuwa kibaraza cha posho mill ya kusaga unga, meza moja, mwamvuli wa kampuni uliopauka, na maboksi ya taa nyuma yake. Na juu ya meza, bunda la vikaratasi vya maelezo ya taa. Kwenye ukurasa wa mbele wa kila kikaratasi Yunia alikuwa anatabasamu, kashika balbu mkononi kama yai. Alikuwa mteja wa kwanza wa eneo lile. Vijana wa kampuni walikuja na kamera, wakampiga picha, wakaenda zao Kisumu, na karatasi zilipofika zimechapishwa Yunia alikuwa ameshazikwa. Watu walichukua taa, wakakunja uso wake, wakautia mfukoni.

Kampuni ilikuwa imechoka na ugomvi. Kila wiki mtu alipiga simu akidai amedhulumiwa, taa imezimwa, ameambiwa ina dhamana na hatengenezewi. Kwa hiyo wakamwambia Dorsila: wewe ndiye unayewajua, tuandikie karatasi upya, kwa maneno ambayo mama wa sokoni ataelewa. Alikuwa ameahidi kumaliza wiki ile. Sasa hakujua kama wiki ijayo atakuwa na meza ya kuegemea.

Hata hivyo alishika kalamu. Kazi ni kazi.

Alimwita Turfosa, muuza dagaa wa meza ya pili, mnunuzi wa taa ambaye taa yake ilikuwa giza mwezi wa pili sasa. Kwenye benchi pale pale alikuwepo mzee Obat, mpiga nyatiti, kinubi cha Kijaluo, anakunywa chai kwa kijiko kwa sababu ya meno. Na yeye alikuwa na taa, na yake pia ilikuwa imezimika, ila yeye hakuwahi kulalamika hata siku moja.

"Turfosa, nakusomea. Usiniambie umeelewa. Niambie utafanya nini."

"Soma, mwalimu."

Dorsila akasoma karatasi ya zamani. "'Kampuni inahifadhi haki ya kusitisha huduma endapo mteja atashindwa kutimiza wajibu wake katika kipindi husika.' Utafanya nini?"

"Nitaita mchungaji aniombee."

Watu wa foleni ya kusaga wakacheka. Dorsila naye akacheka, mara ya kwanza tangu jana, akaandika polepole, akisema kila neno: "Taa inafanya kazi siku ulizolipia tu. Siku zikiisha, inajifunga yenyewe. Haijaharibika. Hakuna faini. Ukilipa tena, inafunguka, na hesabu yako inaendelea pale ilipoishia. Haya, siku zikikuishia Jumatatu na pesa unapata Jumatano?"

"Nitalala giza usiku wa Jumatatu na Jumanne. Jumatano nalipa, inawaka. Hizo siku mbili hamnidai."

"Hatukudai. Ila siku ya kumaliza inasogea mbele siku mbili. Na ukimaliza bei yote, haijifungi tena milele, ni yako."

"Mbona hukuandika hivyo tangu zamani? Mimi nilidhani kila siku ya giza inazaa nyingine, kama riba ya Mhindi."

"Ndiyo maana watu wanaficha taa chini ya kitanda wakimwona wakala," Dorsila akasema. Akaandika tena: "Ukipitisha siku thelathini bila kulipa, tutakupigia simu tujue kuna nini. Ukipitisha siku tisini, tutakuja kuchukua taa, na tutakuja mchana, na tutakupa karatasi ya kuonyesha tumeichukua." Kisha dhamana. "Dhamana ni miaka miwili, inaanza siku uliyobeba taa nyumbani, si siku uliyomaliza kulipa. Ikiharibika yenyewe, ilete na boksi lake, tunatengeneza au tunakupa nyingine bure. Siku itakazokaa kwa fundi hazihesabiwi katika siku ulizolipia. Dhamana haishiki taa iliyoangushwa, iliyoingia maji, au iliyofunguliwa na fundi wa saa."

"Hapo unamsema mume wangu."

"Simsemi mtu. Sasa kulipa. Hapa ndipo unaponishinda, Turfosa. Wewe unasema umelipa, simu yangu ya kazi inasema hujalipa tangu mavuno ya maharagwe."

"Nimelipa! Kila soko! Mungu anaona!"

"Basi nionyeshe. Usinieleze. Lipa kama unavyolipa, siku moja tu."

Turfosa akapangusa magamba ya samaki mikononi, akatoa simu. Akatoa na kikaratasi chake, kimekunjwa mara nne, kinanuka dagaa, akakifungua magotini. Akabonyeza nambari ya kampuni. Simu ikamwuliza nambari ya akaunti. Naye bila kusita akaweka kidole kwenye karatasi, mahali palipoandikwa Mfano, akaanza kunakili nambari iliyochapishwa pale, tarakimu moja moja, ulimi nje.

"Ngoja," Dorsila akasema. "Mbona unaandika hiyo?"

"Si ndiyo ya kampuni? Kama ile ya dukani. Kila duka lina nambari yake, wote tunalipa hapo."

"Hiyo ni mfano tu! Yako wewe iko chini ya boksi lako, kwenye kibandiko!"

"Chini ya boksi? Nani anageuza boksi?" Na kidole chake kilikuwa kimeshamaliza. Wakakaa wanasubiri. Simu ikalia. Turfosa, ambaye ujumbe usiotoka kwa mwanawe hakuusoma kupita maneno mawili ya kwanza, akamkabidhi Dorsila.

Dorsila akasoma. Akasoma tena. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma nyuma yake, hakuisikia.

*Asante YUNIA AJWANG. Malipo yamepokelewa. Taa yako imefunguliwa siku 1.*

"Inasemaje?" Turfosa akauliza. Akainyakua simu, akausoma ujumbe kwa kusilabisha. "Yesu. Mimi huyu Yunia anayenishukuru kila wiki nilidhani ni karani wa kampuni."

Benchi likalia. Mzee Obat alikuwa amesimama. Chai yake ilikuwa bado nusu. Alimtazama Dorsila kana kwamba anataka kusema jambo, akachukua fimbo, akaenda zake bila kuaga.

Dorsila aliingia ndani, nyuma ya magunia, akapiga simu Kisumu. Miezi yote hiyo angeweza kulitafuta jina la mama mkwe wake katika simu ya kazi, na hakuthubutu. Kulitafuta jina la marehemu humo kulionekana kwake kama kumwita mtu mlangoni. Sasa alilitaja kwa sauti.

"Yunia Ajwang?" kijana wa ofisini akasema, vidole vinagonga kinanda. "Huyo ni mteja wetu mzuri sana. Analipa vizuri. Si ndiye tuliyemweka kwenye karatasi? Hata ile nambari ya mfano tulichukua kwenye boksi lake."

"Amekufa."

Vidole vikanyamaza. "Lini?"

"Kabla karatasi zenu hazijafika."

"Lakini... analipa."

"Angalia ni simu za nani."

Zilikuwa simu tatu. Ya Turfosa, ya mwendesha boda mmoja anayeitwa Wadegu, na ya mzee Obat. Wote walipata pesa siku ya soko, wote walilipa siku ya soko. Na boksi la Yunia, lenye laini yake ya simu ndani, lilikuwa linapokea habari hewani na kujifungua. Paneli juu ya paa inakula jua mchana. Balbu ya nje, ile ya kuwaka yenyewe giza likiingia, inatii. Basi ndiyo yote. Kijana akaahidi kuhamisha kila malipo kwenda kwa mwenyewe akitumiwa zile jumbe.

Jioni alimfuata Ougo kinyozini, akamweleza yote mbele ya mteja mwenye sabuni kidevuni. Ougo akasikiliza, wembe hewani.

"Maneno ya simu hayo," akasema mwishowe. "Simu inasema chochote. Mimi nimesema Jumatano."

"Sawa. Jumatano. Nitawaambia wote watatu wasiweke tena nambari ile. Ikikaa giza, utanyamaza mbele ya wazee hao hao. Ikiwaka, nitakunja nguo zangu mwenyewe, hutanifukuza."

"Umesema wewe."

"Nimesema."

Siku zilizofuata alizunguka kwa miguu na karatasi mpya, zimepigwa chapa mjini Yala kwa gharama ya kampuni. Hazikuwa na picha. Turfosa aligeuza boksi lake, akakuta nambari yake, akapiga kelele kama aliyekuta kuku aliyepotea. Taa yake ilifunguliwa kwa wiki nyingi mfululizo naye akaanza kuuza dagaa wake mpaka usiku. Wadegu alitukana kidogo, akacheka, akashukuru. Kwa mzee Obat Dorsila alikuta mlango uko wazi, mzee kaketi kwenye kiza cha ndani anapaka nta nyuzi za nyatiti yake. Alipokea karatasi, hakuisoma.

"Mzee, siku zako zote zimerudishwa. Taa yako inawaka sasa. Hebu bonyeza."

"Nimesikia, binti."

"Ile nambari ya zamani usiiguse."

"Nimesikia."

Hakubonyeza. Dorsila aliondoka akihisi macho ya mtu mgongoni, na alipogeuka mzee alikuwa ameinamia nyuzi zake tu.

Jumatano ikafika na mawingu. Soko lilivunjika mapema. Wazee watatu walikuja, wakapewa viti uani, wakavigeuza vitazame nyumba ya Yunia. Ougo alisimama. Turfosa alikuja na wanawake wa dagaa bila kualikwa, kwa kuwa kesi tamu haina mlango. Ndani ya nyumba yake Dorsila alikuwa na mkoba kitandani, mtupu, mdomo wazi. Aliuweka hapo ili asionekane mwongo.

Giza lilianza chini, kwenye mizizi ya minyaa, likapanda. Kuku wakaingia. Ukuta wa Yunia ukawa kijivu, kisha kama haupo.

"Saa yake imepita," Turfosa akanong'ona. "Nyar Ugenya, umesh—"

Taa ikawaka.

Ikawaka ghafla, nyeupe, juu ya jiwe la kunawia. Mwanamke mmoja akapiga ukemi wa msiba. Mzee mmoja alivuta kiti nyuma, kikaanguka. Ougo alimgeukia Dorsila, na usoni mwake hapakuwa na ushindi. Palikuwa na hofu ya mtoto aliyeitwa jina na mama yake kutoka chumba kisicho na mtu.

Dorsila alikuwa na maelezo yote ya laini na paneli, na maelezo yote yalikuwa yamekimbia. Akageuka kwenda kuchukua mkoba.

Ndipo nyuzi zikalia.

Zilitoka nyuma ya minyaa, kavu, chini, zikifuatwa na ule mlio wa pete ya chuma inapogonga mti wa nyatiti. Dang, dang-dang. Mzee Obat akaingia uani kwa mlango wa ng'ombe, nyatiti kifuani, hakumsalimu mtu. Akaenda moja kwa moja kwenye mwanga, akaketi, si juu ya jiwe bali kando yake, kama mtu anayemwachia mwenyewe nafasi. Akapiga. Akaimba jina la Yunia, la baba yake, la kijiji alichotoka, la vyungu vyake vilivyokwenda mpaka Busia. Aliimba mpaka jasho likamtiririka, kisha akaweka mkono juu ya nyuzi, zikanyamaza.

"Nimelipa mimi," akasema. "Msimguse huyo binti."

"Umelipa nini, jaduong', mzee wangu?" Ougo akauliza.

Obat akatoa simu yake mfukoni, akaishika mbele kama kipande cha moto. "Yunia alinitaka ahadi. Akifa, nimpigie nyatiti. Akafa, mimi nipo Kendu nakunywa kwenye arusi ya watu. Nikarudi, amezikwa kimya. Halafu nikanunua hiki kitaa chenu, nikalipa, nikapata barua: Asante Yunia. Na kitaa changu giza. Nikasema, sawa. Anadai. Kila soko nikamlipia, nikalala giza, kwa kuwa nilimlaza kimya. Juzi mkasema ni mfano tu." Akakohoa. "Mfano wa nini? Mimi nilimwahidi, sikumwahidi kampuni. Leo nimelipa siku moja, ya mwisho, nikijua ninalofanya. Nilitaka mwanga wa kumpigia."

Mzee aliyeangusha kiti alikiinua, akakaa tena, taratibu. Turfosa alikuwa analia waziwazi na kujipangusa kwa kanga. Kisha Ougo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, alivuka mstari wa ule mwanga, akachuchumaa mbele ya jiwe, akaweka kiganja juu yake.

"Usikunje nguo zako, mke wa Oloo," akasema bila kugeuka.

Hivyo ndivyo Dorsila alivyobaki. Alhamisi alikaa tena kibarazani na kuongeza kwenye karatasi kipande ambacho hakuna aliyekuwa amekiwaza Kisumu: "Mwenye taa akifariki, aliyebaki aje kwa wakala na jina la marehemu. Taa itasimamishwa bila kudai chochote, au ihamishwe kwa jina la mtu aliye hai atakayeendelea kulipa. Dhamana inahamia naye." Na mahali pa kuonyesha nambari ya akaunti akajaza sifuri tupu, akaandika kando yake: "Hii si ya mtu yeyote. Yako iko chini ya boksi lako. Ligeuze." Akamwita Turfosa aje na boksi lake, akamwambia alipe. Turfosa akageuza boksi. Hapo akajua karatasi imekamilika.

Alirudi nyumbani jua likizama. Ua ulikuwa kimya, amani ya kweli, na alikuwa ameshabandika ugali jikoni kabla hajagundua kwamba nje anaona njia.

Taa ya Yunia ilikuwa imewaka.

Mzee alisema siku moja. Boksi halisubiri mtandao ili kujifunga. Linahesabu lenyewe, siku ikiisha linajifunga, hata mnara uanguke. Hilo Dorsila alikuwa ameliandika kwa mkono wake. Akaenda polepole. Kando ya jiwe la kunawia, mahali alipokaa Obat, Ougo alikuwa ameketi peke yake, viatu pembeni.

"Asante, shemeji," Dorsila akasema, roho ikimrudia. "Umemlipia mama."

Ougo akainua uso. "Mimi? Nilikuja kwa sababu nimeiona. Nilidhani ni wewe."

Simu ya kazi ilikuwa mfukoni mwa Dorsila. Ingemchukua muda wa kumeza mate kulitafuta lile jina na kuona ni nani aliyelipa. Aliigusa kwa nje, juu ya kitambaa, ilikuwa na joto. Kisha akaiacha, akavua ndala, akaketi chini upande wa pili wa jiwe. Wakakaa hivyo, mmoja huku, mmoja kule, jiwe katikati yao likiwa jeupe na kavu, mpaka harufu ya ugali unaoungua ikamtoa pale.